Bimu yenye mzigo katikati: namna ninavyosoma ile michoro miwili iliyo chini yake

"Wakuu, nipo mwaka wa pili ufundi sanifu ujenzi. Bimu imelala juu ya tegemeo mbili, mzigo mmoja katikati. Kuichora michoro ya chini naweza, nimekariri: mistatili miwili halafu pembetatu. Ila sielewi inaniambia nini. Na kwa nini pale katikati nguvu ya mkato inafika sifuri wakati momenti ndiyo kubwa kuliko kote? Kama nguvu imeisha, bimu inapindwa na nini?"

Mkuu, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito. Nimeliona likigharimu watu fedha saiti, nitakusimulia hapo chini. Kwanza tuchukue bimu yenye vipimo, ili kila tunachosema tukihesabu.

Bimu ya zege, urefu mita 4 kutoka tegemeo hadi tegemeo. Katikati kabisa inapokea bimu nyingine ndogo inayoingia kutoka ubavuni, na hiyo ndogo inaleta mzigo wa 120 kN, karibu tani 12. Uzito wa bimu yenyewe tuuache kwanza. Mzigo uko katikati, kwa hiyo kila tegemeo linasukuma juu kwa 60 kN. Hayo unayajua.

Sasa chukua msumeno wa kufikirika uikate bimu mita 1 kutoka tegemeo la kushoto. Tupa upande wa kulia, baki na kipande cha kushoto mkononi. Kipande hiki kina nguvu moja tu ya nje, ile 60 kN ya tegemeo inayokisukuma juu. Kikiachwa hivyo kitaruka. Kilichokuwa kinakizuia kisiruke ni zege na nondo pale ulipokata, vilivyokuwa vinakivuta chini kwa 60 kN. Hiyo ndiyo nguvu ya mkato: kile ambacho sura ya mkato inalazimika kubeba ili vipande viwili visiteleze kimoja juu na kingine chini.

Lakini bado kipande hakijatulia. Una 60 kN inayopanda upande mmoja na 60 kN inayoshuka upande wa pili, umbali wa mita 1 kati yake. Jozi hiyo itakizungusha kipande kama usukani. Kinachozuia mzunguko ni sura ile ile ya mkato, kwa kubanwa juu na kuvutwa chini. Ukubwa wake ni 60 × 1 = 60 kNm. Hiyo ndiyo momenti ya kupinda.

Rudia kukata mahali pengine. Ukikata nusu mita kutoka tegemeo, mkato ni 60 kN ile ile, ila momenti ni 30 tu kwa sababu mkono ni mfupi. Ukikata kidogo tu kabla ya katikati, mkato bado 60, momenti inakaribia 120. Ukivuka katikati ukakata mita 3 kutoka kushoto, kipande chako sasa kina mzigo wa 120 unaoshuka pia: 60 kutoa 120 ni hasi 60, na momenti ni 60 × 3 kutoa 120 × 1, yaani 60 kNm. Weka namba hizo kwenye karatasi, kila moja chini ya mahali ulipokata, na mistatili yako na pembetatu yako vinajichora vyenyewe. Ndiyo maana michoro hupangwa chini ya bimu kwa kulingana wima. Mimi hadi leo naweka rula wima kutoka kwenye bimu kushuka chini, naisogeza polepole kushoto kwenda kulia, nasoma namba mbili kila inaposimama.

Turudi kwenye swali lako. Mchoro wa mkato unakwambia momenti inaongezeka au inapungua kwa kasi gani. Kila mita unayotembea kutoka kushoto, momenti inapanda kwa 60. Ukifika kwenye mzigo umekusanya 60 × 2 = 120, ambayo ni eneo la mstatili wa kwanza, na pia ni ile fomula uliyokariri:

```
M = P × L / 4 = 120 × 4 / 4 = 120 kNm
```

Ukivuka mzigo, mkato unageuka hasi, na momenti inaanza kushuka kwa 60 kila mita hadi sifuri kwenye tegemeo la kulia. Kwa hiyo pale mkato unapovuka mstari wa sifuri ndipo kupanda kunapogeuka kuwa kushuka. Ni kilele cha mlima: juu kabisa hapana mwinuko, lakini hapo ndipo upo juu kuliko kote. Bimu inapindwa na 60 kN iliyosafiri mita 2 kutoka tegemeoni. Nguvu haijaisha, umefika tu mahali inapogeuza uelekeo. Na hapa una kipimo cha kujikagua: maeneo ya mistatili miwili lazima yafutane, chanya 120 na hasi 120. Ukifika tegemeo la kulia na momenti haikurudi sifuri, umekosea sehemu, mara nyingi kwenye nguvu za mategemeo.

Sasa angalia kwa makini neno ulilotumia, kwamba mkato "unafika sifuri". Kwenye bimu hii haufiki ukakaa. Unaruka kutoka chanya 60 hadi hasi 60 pale pale penye mzigo. Sentimita kumi kabla ya mzigo kuna 60 kamili, sentimita kumi baada yake kuna 60 kamili. Hakuna eneo la katikati ambalo mkato ni mdogo.

Hapo ndipo kisa changu. Nilikuwa fundi sanifu kijana kwenye nyumba ya ghorofa moja. Bimu nyingi pale zilibeba slabu moja kwa moja, mzigo umetandazwa urefu wote. Kwa bimu za namna hiyo mchoro wa mkato ni mstari unaoteremka taratibu, mkubwa kwenye mategemeo, mdogo katikati, na ringi, yaani zile nondo nyembamba zinazozungushwa kwenye nondo kuu ili kusaidia kubeba mkato, zikapangwa hivyo: kila milimita 100 karibu na mategemeo, kila 300 sehemu ya kati. Ni sahihi kwa bimu zile. Ila ilikuwepo bimu moja ya mita 4 iliyopokea bimu ndogo katikati, kama hii yetu. Kwenye ratiba ya nondo ikapewa nondo nene za chini, maana momenti yake ilihesabiwa vizuri, lakini ringi zikanakiliwa kutoka bimu jirani. Nilizifunga mimi na wenzangu. Nilipouliza, niliambiwa katikati mkato ni sifuri.

Linganisha namba uone pengo. Ukichukua 120 kN hiyo hiyo ukaitandaza mita zote 4, ni 30 kN kwa kila mita. Tegemeo bado ni 60. Mita 1.5 kutoka tegemeo, mkato wa mzigo uliotandazwa umebaki 60 kutoa 45, yaani 15 kN. Kwa mzigo wa katikati, mahali hapo hapo mkato ni 60. Mara nne, na ringi ziko umbali wa 300.

Tulipoondoa mirunda na kuta za juu zikajengwa, nyufa zikajitokeza, nyembamba kama unywele. Hazikuwa katikati kama nilivyotarajia. Zilianza karibu mita 1 kutoka tegemeo, upande wa chini wa ubavu wa bimu, zikapanda kwa mshazari kuelekea kwenye mzigo, moja kila upande kana kwamba mtu amechora paa la nyumba. Ufa wa momenti huwa wima, huanzia chini, na kwenye bimu hii ungekuwa karibu na katikati, chini ya kilele cha pembetatu. Ufa wa mshazari kati ya tegemeo na mzigo ni wa mkato. Mhandisi alipofika alitazama dakika chache tu, akaagiza mirunda irudishwe siku hiyo hiyo. Mwishowe ikawekwa nguzo ya chuma chini kabisa ya makutano ya bimu mbili, ili mzigo ushuke moja kwa moja bila kupitia bimu. Mwenye nyumba alipoteza uwazi wa sebule aliokuwa anautaka.

Kwa hiyo mchoro wa mkato wa mzigo wa katikati unamwambia fundi hivi: ringi za umbali mmoja, za karibu, kutoka tegemeo hadi kwenye mzigo, pande zote mbili. Na mchoro wa momenti unamwambia nondo za chini zinafanya kazi kubwa zaidi katikati, hivyo usiunganishe nondo hapo. Robo ya urefu, mita 1 kutoka tegemeo, momenti ni nusu ya ile ya katikati.

Ukitaka kuiona kwa macho, tafuta kipande cha sponji ya godoro, kirefu kama mkono, kichore miraba kwa kalamu ya wino ubavuni. Kiweke juu ya matofali mawili, bonyeza katikati kwa kidole. Chini ya kidole, miraba inapanuka upande wa chini na kubanwa upande wa juu: ndiyo pembetatu yako. Pembeni, kati ya kidole na tofali, miraba inalala upande mmoja, pembe zake si za mraba tena, na upande wa kulia inalala kinyume na wa kushoto. Huko kulala kinyume ndiko chanya na hasi za mchoro wa mkato.

Mambo mawili yasikuchanganye ukikutana nayo. Wengine huchora pembetatu ikielekea juu, wengine ikielekea chini kwa sababu wanaichora upande unaovutwa. Namba ni zile zile, uliza tu wenzako ofisini wanatumia upi. Na michoro halisi haina pembe kali hivi. Bimu ndogo ina upana, tuseme mita 0.2, kwa hiyo mruko wa mkato ni mstari mkali unaoshuka ndani ya upana huo, na kilele cha pembetatu kinakuwa mviringo kidogo, 117 badala ya 120. Ukirudisha uzito wa bimu yenyewe, kwa zege ya milimita 250 kwa 500 ni karibu 3 kN kwa mita: mistatili inainama kidogo, 66 kwenye tegemeo na 60 penye mzigo, na momenti ya katikati inaongezeka kwa 6.

Jaribu sasa kuusogeza mzigo uwe mita 1 kutoka kushoto. Mategemeo yatakuwa 90 na 30. Chora bila fomula, kwa rula na kukata tu, uone mkato unavuka sifuri wapi na kilele kinafika ngapi. Ukipata 90 kNm, ulete mchoro hapa tuendelee na mizigo miwili.