Barua kwa mwanangu: bei unaiona, mnunuzi yuko wapi?

"Mama shikamoo. Zile hisa 4,000 nilizonunua nataka kuziuza niongezee hela ya kiwanja. Kwenye app inaonyesha bei 400, nimeweka oda ya kuuza kwa 400 wiki mbili sasa, haijauzwa hata moja. Broka ananiambia nisubiri tu. Kwani bei si ndo hiyo hiyo inaonyesha? Nifanyeje?"

Marahaba baba. Hiyo 400 unayoiona sio bei ya leo, ni bei ya biashara ya mwisho, na hiyo biashara ya mwisho inaweza kuwa ilifanyika juzi au hata wiki tatu nyuma, mtu aliuza hisa zake 50 mwingine akanunua basi, bei ikabaki imeandikwa hapo. Hakuna aliyekaa pale anakusubiri na 400 mkononi. Ni kama jirani kakwambia aliuza mbuzi wake laki na nusu, haina maana ukimtoa wa kwako leo jioni kuna mtu mlangoni ana laki na nusu.

Mpigie broka simu, usimuulize bei, muulize wanunuzi wako wangapi, wanataka hisa ngapi, kwa bei gani, halafu wauzaji waliopo mbele yako wana hisa ngapi. Tuseme akakujibu hivi: kuna mtu anataka hisa 300 kwa 390, mwingine 500 kwa 385, baada ya hapo hamna mtu. Upande wa wauzaji kuna hisa 18,000 zimepangwa kwa 400, zote ziliwekwa kabla ya yako. Hapo ushaelewa shida yako iko wapi. Foleni ya soko inaangalia bei kwanza, anayeuza kwa bei ya chini anatangulia, na wakiwa bei sawa anatangulia aliyewahi. Kwa hiyo hata akitokea mnunuzi wa 400 kesho asubuhi, hizo 18,000 zinaisha kwanza ndo ufikiwe wewe.

Sasa itachukua muda gani? Hapa ndo watu wengi wanajidanganya. Watakwambia kwa wastani kampuni hiyo inauza hisa 3,740 kwa siku, utapiga hesabu utaona wiki moja tu mambo yameisha. Usikubali, omba uone siku moja moja. Chukua siku 60 za soko, utakuta siku moja ziliuzwa hisa 210,000, hiyo ni biashara kubwa ya watu wawili walioshakubaliana pembeni, labda mfuko wa pensheni unauuzia mfuko mwingine, haikuhusu wewe kabisa. Siku 24 ziliuzwa kama 600 hivi. Siku 35 zilizobaki, sifuri. Ukiitoa ile siku moja kubwa unabaki na hisa 14,400 kwa siku 59, yaani kama 240 kwa siku. Gawa 18,000 kwa 240, unapata siku 75 za soko, na soko linafungua siku tano kwa wiki, hiyo ni wiki 15 kabla hujauza hata hisa moja. Halafu za kwako 4,000 zinataka siku 17 nyingine. Na hiyo ni kama wanunuzi wote hao watakubali 400, maana wengine wanakuja na bei ya chini.

Utauliza kwanini iko hivi. Angalia Kampuni ya Sigara pale DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, robo tatu ya hisa ziko kwa JTI, kampuni ya sigara ya kimataifa, na hao hawauzi. Inabaki robo, na kwenye hiyo robo kuna mifuko ya pensheni inayonunua inaziweka, kuna wazee walionunua zamani wanachukua gawio kila mwaka hawana habari na bei, na kuna hisa za marehemu ambazo haziguswi mpaka mirathi ikamilike, na unajua mwenyewe mirathi ya kwetu inavyochukua miaka. Kinachozunguka kweli ni kidogo sana. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwa kubwa, inapata faida nzuri, na hisa zake bado ni ngumu kuuza. Ukwasi, yaani urahisi wa kuuza, ni kitu kingine na ubora wa kampuni ni kitu kingine. Pale Dar mabenki mawili makubwa, CRDB na NMB, angalau mara nyingi unapata mtu, ila ukishuka kwenye vibenki vidogo na kampuni ndogo kuna siku hakuna biashara yoyote.

Mimi haya nilijifunza kwa ada yako ya mwaka wa pili, sikuwahi kukwambia. Nilikuwa na hisa za kampuni moja nilizonunua zilipouzwa mara ya kwanza, nikajua ada ikifika nauza. Nikaweka bei niliyonunulia kwa sababu roho iliniuma kushusha, miezi miwili ikapita hamna kitu, mwisho nikakopa kwenye kikoba na riba yake nikalipa. Nilipokuja kushusha bei kidogo ziliuzwa, ila vipande vipande, leo 100 kesho 250.

Sasa ya kwako. Kwanza zile 800 wauzie hao wawili waliopo, 300 kwa 390 na 500 kwa 385. Hiyo ni 117,000 jumlisha 192,500, yaani 309,500, na kama ungeziuza kwa 400 ungepata 320,000, kwa hiyo umepoteza 10,500 tu na hela unaiona. Makato ya broka na soko ni karibu asilimia 2, na hela inaingia baada ya siku tatu za kazi. Zile 3,200 zilizobaki toa kwenye 400 uziweke 395, hapo umewaruka wote wa 18,000 kwa shilingi tano tu kwa hisa, 16,000 yote kwa yote. Ila jua na wao wanaona, mmoja anaweza kesho akaweka bei ya chini ya hiyo, kwa hiyo ongea na broka kila siku mbili tatu. Usimwambie auze kwa bei yoyote, hiyo kwenye soko jembamba lenye wanunuzi wachache ni hatari, mnunuzi mmoja akikuona una haraka anakushusha. Soko lenyewe haliruhusu bei ianguke sana kwa siku moja, lakini inaweza kushuka kidogo kidogo kila siku na wewe ndo unaishusha. Muulize pia oda yako inaisha lini, zingine zinaisha muda wake na wewe umekaa unasubiri kitu ambacho hakipo tena kwenye foleni.

Halafu muulize broka kama ana mteja anayetaka kununua nyingi kwa mpigo, wakati mwingine wanajuana wao kwa wao. Kwa 4,000 sidhani, ni kidogo mno kwa hao wakubwa, ila kuuliza ni bure.

Kuhusu kiwanja, usimuahidi mwenye nacho tarehe. Kwa kasi ya 240 kwa siku hizo 3,200 ni kama siku 14 za soko, hata ukiwa wa kwanza kwenye foleni, yaani wiki tatu kasoro kama mambo yakienda vizuri. Mwambie mwezi na nusu, mpe hiyo laki tatu kama ya awali mbele ya mjumbe, mwandikishane. Na kama kampuni imeshatangaza gawio angalia kwanza tarehe ya kufunga daftari la wenye hisa, ambao ndo watapewa gawio, isije ukauza siku chache kabla ukamuachia mwenzio gawio lako.

Mama yako