Odi ya nokauti haikupi bure

Hapa Busia nilikuwa na mazoea moja mabaya. Nikibashiri ndondi na kumwamini bondia, siweki tiketi ya ushindi. Naweka ya nokauti, kwa sababu odi yake, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, ni kubwa zaidi. "Si atashinda tu?" Naam, lakini kushinda kuna njia zake, na kila njia ina bei yake.

Chukua mfano wa raundi 12. Bondia wako ana odi 1.50 ya ushindi, 2.60 ya nokauti na 2.80 ya pointi. Gawanya ya ushindi kwa ya nokauti: 1.50 ÷ 2.60 ni kama 0.58. Maana yake, nokauti inalipa kuliko ushindi mtupu ikiwa tu unaamini kwamba, akishinda mara 100, zaidi ya 58 atamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Upande wa pointi, 1.50 ÷ 2.80 ni karibu 0.54. Jumlisha: 112 kati ya 100! Hizo 12 za ziada ni faida ya mwenye duka, juu ya ile aliyokwisha kuiweka kwenye 1.50.

Ndiyo maana kununua njia zote mbili ni hasara. Shilingi 20,000 kwenye ushindi zinarudisha 30,000. Zigawanye vizuri kati ya nokauti na pointi, utapata kama 27,000, kwa bondia yule yule.

Usidanganywe na rekodi pia. John Mugabi wetu alipopanda ulingoni na bingwa Marvin Hagler mwaka 1986 alikuwa ameshinda mapambano 25, yote kwa nokauti. Kwa mtu wa namna hiyo anayepanga bei ameshaisoma rekodi, kwa hiyo odi ya nokauti husogea karibu kabisa na ya ushindi. (Hagler alimwangusha raundi ya 11.) Mimi hutazama mpinzani: je, amewahi kusimamishwa, na alisimamishwa na nani?

Kwenye MMA, mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, ushindi hukatwa vipande vitatu, maana kumkaba mtu hadi asalimu amri huhesabiwa peke yake. Usiweke nokauti kwa mtaalamu wa mieleka ya chini.

Raundi ni hesabu ile ile, ila sasa unagawanya odi ya nokauti. Raundi ya 7 hadi 9 kwa odi 7.00: 2.60 ÷ 7.00 ni 0.37, yaani nokauti 37 kati ya 100 ziangukie humo. Na soma masharti. Niliwahi kushika tiketi kama hiyo, mpinzani akakataa kuinuka kwenye kiti raundi ya 7 ilipoitwa. Nikashangilia hadi jirani akagonga ukuta. Dukani wakanionyesha sharti: asiyeitikia kengele, pambano limeishia raundi iliyotangulia. Raundi ya 6.