Maswali na majibu: storibodi, yaani michoro ya kupanga maonyesho, ya video ya dakika mbili

Skripti yangu ina maneno 340. Nimwambie msimulizi asome haraka?

Hapana, na ninaomba swali hili lisirudi tena. Dakika mbili ni sekunde 120, na kwa Kiswahili cha mwendo wa kawaida humo yanaingia maneno 200 hivi, pengine pungufu. Soma kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Tarakimu ziandike kwa maneno kabla ya kuhesabu, maana "1,250" kompyuta inaiona neno moja wakati msimulizi anatamka "elfu moja mia mbili na hamsini".

Nina hoja tisa, kila moja na onyesho lake. Sawa?

Chagua tano. Nne zilizobaki ni video nyingine.

Kwenye safu ya maelezo ya msimulizi niandike nini hasa?

Kile ambacho picha haiwezi kukisema. Tuseme unaeleza jinsi ya kutengeneza nyumbani maji ya chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha. Maonyesho ni matano: kwa nini mwili unaishiwa maji, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, na namna ya kunywesha. Wengi hugawa sekunde 24 kwa kila onyesho, kisha wanashangaa video imepooza. Mimi ningetoa 22, 15, 25, 30 na 28. Chumvi inapata nyingi kwa sababu ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, na mtazamaji akikosea hapo, hayo mengine yote hayamsaidii.

Kwenye kisanduku cha onyesho hilo la nne chora kijiko kwa karibu, chumvi imefika nusu, bila kilima. Pembeni andika: "Chumvi ni nusu kijiko cha chai. (Kimya, sekunde 3.) Ikizidi ni hatari." Hicho kimya kiandike, la sivyo mhariri atakijaza muziki. Kisha pigia mstari neno "nusu": hapo ndipo kijiko kionekane. Kikichelewa hadi kwenye "hatari", macho yanaona kipimo sahihi huku masikio yanasikia onyo, na mtu anaondoka akidhani nusu ndiyo iliyozidi.

Na tafadhali, usimfanye msimulizi asome maandishi yaliyoko kwenye skrini neno kwa neno.

Sijui kuchora.

Watu wa vijiti wanatosha.

Sauti irekodiwe kabla ya michoro ya mwisho au baada?

Kabla. Rekodi ya majaribio kwa simu inatosha: ipange chini ya picha za storibodi, itazame yote mfululizo, na sekunde zilizozidi utaziona mwenyewe. Katika hatua hii kufuta onyesho ni kufuta mstari wa penseli. Mchoraji akishaanza kuzitembeza picha, kila sentensi unayobadilisha inamrudisha kwenye kazi aliyokwisha kukabidhi, naye ana haki ya kudai malipo mengine.