Umewatumia barua ya kampuni nyingine? Mistari michache inatosha

Kazi yangu ni kupokea maombi ya kazi katika ofisi moja ya Dar es Salaam, na ni nadra tangazo kupita bila kuletewa barua iliyoandikiwa ofisi nyingine. Tangazo la mhasibu msaidizi, barua inamwendea meneja wa benki. Siyo ajabu: mtu ana mafaili matano kwenye simu, yote yanaitwa "Barua ya maombi", anagusa la juu na kutuma.

Ukigundua palepale, Gmail ina kitufe cha Undo, lakini hakikai zaidi ya sekunde 30, na wengi wameachiwa 5 zinazokuja na mipangilio ya mwanzo. Ile huduma ya Outlook ya kurudisha ujumbe usiitegemee kwa maombi ya kazi, maana hufanya kazi pale mtumaji na mpokeaji wanapokuwa ndani ya taasisi moja. Muda huo ukipita, barua iko kwetu. Kinachobaki ni kuandika masahihisho.

Yule mwombaji wa nafasi ya mhasibu msaidizi angeweza kuandika hivi:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
Katika barua pepe yangu ya leo asubuhi niliambatisha barua isiyo sahihi. Barua ya maombi ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi ni hii iliyoambatishwa hapa. Naomba itumike badala ya ile ya kwanza. Wasifu na vyeti nilivyotuma havijabadilika. Samahani kwa usumbufu."

Kisha jina kamili na namba ya simu. Basi.

Sentensi inayonisaidia zaidi mimi mpokeaji ni ile ya vyeti. Bila hiyo sijui kama nibadilishe kila kitu au barua tu, na mwombaji akituma upya mafaili yote, inabidi nianze kulinganisha la zamani na jipya. Samahani imekaa mwishoni, mara moja. Nimewahi kusoma masahihisho yaliyoanza na umeme kukatika, yakapita kwa mtoto anayeumwa, yakaishia kwa mafundi wa intaneti kafe. Huenda yote yalikuwa kweli, lakini nilifika mwisho sijaambiwa faili jipya ni lipi. Ile kampuni nyingine pia usiitaje wala usieleze kwa nini uliiandikia. Kila mtu anajua mtafuta kazi haombi mahali pamoja.

Namna ya kutuma ina uzito kuliko maneno. Fungua ile barua pepe yako ndani ya Sent, bonyeza Reply, halafu hakikisha anwani iliyotokea ni ya ofisi, siyo yako mwenyewe. Masahihisho yatakaa chini ya ujumbe wa kwanza na kichwa kilekile. Ukiandika ujumbe mpya wenye kichwa kipya, nikiwa na mamia ya barua naweza kuuhesabu kama ombi la pili, na ujumbe huo ukatenganishwa kabisa na vyeti vyako. Usitumie Forward, kwa sababu Forward hubeba viambatisho vya zamani, kwa hiyo unaniletea tena ileile barua ya benki ikiwa kando ya barua sahihi. Reply huviacha, nawe unaweka kimoja tu.

Kabla ya kutuma, lifungue lile faili kutoka ndani ya barua pepe yenyewe, siyo kwenye folda. Soma anwani ya juu, halafu shuka hadi aya ya mwisho. Huko ndiko jina la kampuni nyingine hupenda kujificha, kwenye "natumaini kuitumikia benki yenu", hata baada ya anwani kurekebishwa. Faili lipe jina linaloeleweka, kwa mfano jina lako na nafasi unayoomba. Masahihisho ya masahihisho ndiyo yanayochosha kweli.

Tuma siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Siku ya mwisho ikiwa imeshapita, tuma hivyo hivyo na useme tu kwamba maombi ya awali yaliingia ndani ya muda. Kuikubali barua ni uamuzi wa ofisi. Ila kwa herufi moja iliyokosewa usiandike chochote. Huenda nisingeiona, na ukishaniandikia nitaitafuta.

Hali moja inahitaji sentensi ya ziada. Kama faili ulilotuma lina siri za watu wengine, mathalani orodha ya mishahara ya ofisi unayofanyia kazi sasa, ongeza: "Faili la kwanza lina taarifa zisizowahusu; naomba lifutwe." Na hapo usiishie kwenye barua pepe. Asubuhi piga simu uulize kama limefutwa, kisha umwarifu mwenye taarifa zile kabla hajasikia kwa mtu mwingine.