Laini zimekataa kuungana: maswali yenu ya AutoCAD

"Mwalimu, nimechora kiwanja cha futi 50 kwa 100 kwa laini nne, nataka eneo lake lakini Properties inanionyesha urefu tu wa kila laini. Naunganishaje?" (Mukono)

Laini haina eneo sebo, ina urefu tu, eneo linakuja ukishazifanya zote nne kuwa polilaini moja. Kama kona zinagusana sawasawa andika `JOIN`, chagua zote nne, Enter, basi. Mimi lakini kwa kiwanja napenda `PEDIT` kwa sababu inakupa uhuru zaidi, tutaona chini. Ukimaliza kliki kwenye mpaka, fungua Properties kwa Ctrl+1 na uangalie vitu viwili, Area na Closed. Kwa mita kiwanja chako ni 15.24 kwa 30.48, kwa hiyo lazima usome kama 464.5, gawanya kwa 40.47 upate desimali, yaani sehemu za mia za ekari, ni kama 11.5, na ndiyo maana madalali wanakuambia "desimali kumi na mbili" huku wakitabasamu.

Hiyo Closed usiipite haraka. Unaweza kuona mpaka umefunga kabisa kwa macho lakini pale imeandikwa No, na eneo bado linatokea kwa sababu programu inafunga yenyewe kichwani wakati wa kuhesabu, kwa hiyo utadhani mambo yako sawa. Utagundua ukifanya `OFFSET` ya mita 3 kwenda ndani kutafuta sehemu ya kujenga: kona ile ya mwanzo inatoka mbovu, laini mbili hazikutani vizuri kama kona nyingine tatu. Badilisha iwe Yes halafu rudia `OFFSET`, utapata mstatili safi wa 9.24 kwa 24.48.

"Nafanya JOIN wapi, inaunganisha laini mbili tatu halafu nyingine inaziacha. Kwa macho zimegusana kabisa!" (Jinja)

Macho yanadanganya, zoom hadi kona ijae skrini. Mara nyingi utakuta kiupenyo, laini moja imeishia milimita mbili tatu kabla ya mwenzake kwa sababu aliyechora alizima Endpoint kwenye osnap akawa anakliki kwa kukisia. Pima huo upenyo kwa `DIST` kwanza, usiruke hapa. Tuseme umepata 0.003, basi:

```
PEDIT
M
Y
J
0.005
```

Baada ya M unachagua laini zote na kupiga Enter, ile Y ni kukubali zigeuzwe kuwa polilaini, na namba ya mwisho ndiyo fuzz distance, yaani upenyo mkubwa kuliko wote ambao unaruhusu uzibwe. Bila M mwanzoni hutaulizwa hiyo namba hata kidogo, na watu wengi wanakwama hapo hapo.

Sasa sikiliza, usiweke namba kubwa eti ili kila kitu kiungane. Programu inaziba upenyo kwa kurefusha au kukata laini, maana yake kona inasogea. Kwa mchoro wa choo cha nje hakuna atakayelia, lakini kama zile kona ni mawe ya mpaka yaliyopimwa na sevea huna ruhusa ya kuyasogeza ili mchoro wako upendeze, rudi kwenye koordineti zake uchore upya ile laini.

Kama `DIST` inakuonyesha Delta Z ambayo si sifuri, basi shida si upenyo. Hii inawapata sana wanaochora juu ya pointi za sevea zenye kimo, na kwa vilima vya Kampala kila pointi ina kimo chake, 1180 hapa, 1183 pale, ukitazama kutoka juu unaona laini zimegusana kumbe moja iko mita tatu juu ya nyingine. `PEDIT` inataka zote ziwe kwenye usawa mmoja. Nakili faili, kwenye nakala chagua laini zote, weka Start Z na End Z kuwa 0, halafu unganisha. Faili la asili liache na vimo vyake, utavihitaji siku ya kuchimba msingi.

"Nikishika kale kamraba ka bluu ka katikati kwenye laini, laini yote inahama. Kwenye polilaini inavuta upande mmoja tu. Ni kawaida?" (Busia)

Kawaida kabisa, na ndiyo faida yenyewe ya kuunganisha. Gripu ya katikati ya laini ni ya kuhamisha, ya polilaini inasukuma upande ule na kona zake mbili, pande za jirani zinafuata. Chukua kiwanja chetu, barabara inapanuliwa inakula mita 1.5 mbele. Washa Ortho kwa F8 (kama upande umelala sawa na skrini), kliki gripu ya katikati ya upande wa mbele iwe nyekundu, elekeza mausi ndani, andika 1.5, Enter. Eneo linasoma 441.7 hapo hapo, desimali 10.9. Kwa laini nne ungehamisha moja halafu ukaanza kukata nyingine mbili.

Ukitaka kuongeza kona, labda sevea amekumbuka jiwe alilolisahau, usibofye gripu, weka tu mausi juu yake usubiri kimenyu kitoke, chagua Add Vertex, ushikishe kwenye pointi. Kona ya ziada unaitoa vilevile, juu ya gripu ya kona unachagua Remove Vertex.

"Nina shamba limekatwa viwanja vingi, kila kimoja nikifanye polilaini?" (Wakiso)

Hapana, si mwanzoni. Mpaka kati ya majirani wawili ni mmoja, ukifunga kila kiwanja kivyake huo mpaka unachorwa mara mbili, kesho mteja anasema sogeza nusu mita, unasogeza wa huyu unasahau wa yule, na tayari umeshawapa watu ugomvi wa ardhi kwa kompyuta. Pia polilaini haiwezi kutoa tawi, penye laini tatu kwenye kona moja itachagua njia moja na nyingine itaachwa nje.

Weka mipaka yote kuwa laini za kawaida kwenye leya yake mpaka mgawanyo ukubalike. Halafu tengeneza leya nyingine, iwe ndiyo inayotumika, andika `BOUNDARY`, bonyeza Pick Points, kliki ndani ya kila kiwanja. Inakuwekea polilaini zilizofungwa juu ya laini zako bila kuzigusa, unasoma maeneo, na mgawanyo ukibadilika unafuta hiyo leya unarudia.

Kama umeshazifunga zote na hutaki kurudi nyuma, chagua viwanja vyote viwili kabla ya kushika kona wanayochangia, gripu zilizolaliana zitasogea pamoja.

"Nimeunganisha ukuta na fensi kwa bahati mbaya, nikifanya EXPLODE si zinarudi?" (Mbarara)

Laini zinarudi, leya hazirudi. Wakati wa kuunganisha zote zilichukua leya ya polilaini moja, kwa hiyo ukipasua fensi inabaki kwenye leya ya ukuta na itabidi uichambue kwa mkono. Na kama polilaini ilikuwa na upana, huo nao unapotea. Kama hujafunga faili, `U` ni bora.