Kadi ya dola, duka la Deira, na dola 38 zilizopotea

"Nimerudi kutoka Dubai wiki iliyopita. Kadi yangu ya dola imekatwa zaidi ya hesabu niliyopiga, na risiti ina dola na dirham zote mbili. Benki wanasema nilikubali mwenyewe. Pesa hiyo hairudi tena?"

Yarudi, ndugu yangu, ikiwa kweli hukuulizwa. Mimi yalinikuta Deira, kwenye duka la vitambaa vya jumla. Mzigo ulikuwa wa dirham 2,000. Muuzaji alichomeka kadi, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kulipa kwa dola, ndipo akanigeuzia mashine niweke namba ya siri. Risiti nilikuja kuisoma hotelini usiku.

Dirham imefungwa kwa dola: dola 1 ni dirham 3.6725, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo dirham 2,000 ni dola 544.59. Risiti yangu iliandika dola 583.09, na chini yake kwa herufi ndogo: `1 USD = 3.4300 AED`. Dola 38.50 zimekwenda, karibu asilimia 7. Hayo si makato ya benki yangu. Duka na benki inayomiliki ile mashine ndio waliobadilisha fedha, na faida ni yao. Lau ningelipa kwa dirham, benki yangu ingebadilisha kwa kiwango cha Visa na kuongeza asilimia 2 yake, jumla kama dola 555.

Asubuhi nilirudi dukani nikaomba muamala ufutwe, nilipe upya kwa dirham. Akanijibu hesabu za jana zimeshafungwa. Hili lifanye papo hapo, kabla hujatoka mlangoni. Muuzaji anaweza kufuta siku ileile.

Nilipofika Unguja, kijana wa kaunta ya benki yangu aliniambia dola imepanda. Nikamwonesha hiyo 3.6725, akanyamaza. Barua yangu ya kwanza ilikataliwa kwa sababu niliandika "nimetozwa zaidi". Ya pili niliandika: "Sikupewa nafasi ya kuchagua sarafu, muuzaji alichagua kabla ya kunipa mashine." Hapo ndipo ilipo haki yako. Kwa kadi ya Visa, waombe wafungue dai la kosa la sarafu, namba 12.3; muda wake ni siku 120, basi usikawie. Ambatanisha risiti, hata kama imeandikwa kwamba ulichagua, maana mashine huyachapa maneno hayo yenyewe. Langu lilichukua wiki saba, muamala ukarudishwa, nikakatwa upya kwa dirham.

Kwenye ATM ni vigumu zaidi kushinda, kwa sababu kiwango unaoneshwa na kidole ni chako. Shemeji yangu alibonyeza `Accept conversion` akidhani akikataa pesa hazitatoka. Zinatoka! Bonyeza `Decline conversion`, au `Continue without conversion`, na mashine itakuhesabia dirham zako zilezile.

Risiti yako inasemaje? Gawa dirham kwa dola. Ukipata chini ya 3.6, nenda benki kesho na barua mkononi.