Asilimia Moja ya Ufanano Haikwambii Aya Ipi Imenakiliwa

Kama ndiyo kwanza umepewa kazi ya kusoma tasnifu na ripoti za wanafunzi, kitu cha kwanza utakachowekewa mezani ni ripoti ya ufanano, na juu yake tarakimu moja: 15%, 8%, 31%. Utaulizwa, "Hii inapita?" Ninachokuomba ni usijibu swali hilo kabla hujaifungua kazi na kuipitia aya kwa aya. Tarakimu ile imejumlisha vitu ambavyo havina uhusiano wowote, na ukishavijumlisha huwezi tena kujua kipi kilikuwa kipi.

Tuanze na jinsi inavyopatikana. Programu hulinganisha maandishi ya mwanafunzi na hifadhi yake ya makala, vitabu, kurasa za mtandaoni na kazi zilizowahi kuwasilishwa. Kila mahali inapokuta mfuatano wa maneno uliopo pia kwenye hifadhi, inaupaka rangi. Mwishoni inahesabu maneno yote yaliyopakwa rangi, inayagawa kwa maneno yote ya kazi, na hapo ndipo asilimia inapotoka. Asilimia hiyo haikwambii kama maneno hayo yalikuwa kwenye orodha ya marejeo, ndani ya alama za nukuu, au katikati ya hoja ambayo mwanafunzi anadai ni yake. Yote ni maneno yaliyofanana, basi.

Sasa chukua tasnifu mbili, kila moja ina maneno 9,000 na aya kama 60. Ya kwanza imepata 15%, maana yake maneno 1,350 yamefanana na vyanzo vingine. Ukiifungua unakuta maneno 600 ni orodha ya marejeo, ambayo lazima ifanane kwa sababu jina la kitabu haliandikwi kwa maneno mapya. Maneno 350 ni nukuu zilizofungwa vizuri na kutajwa chanzo. Mengine 150 yamo kwenye tamko la mwanzo ambalo kila mwanafunzi hulijaza kwa maneno yaleyale. Yanabaki 250, yametawanyika kwenye aya zaidi ya hamsini, vipande vya maneno manne au matano kama "kwa mujibu wa utafiti huu". Hakuna hata aya moja ya kutilia shaka.

Ya pili imepata 8%, yaani maneno 720. Kwenye Turnitin, mojawapo ya programu hizi, ufanano wa kuanzia neno moja hadi 24% huonekana kwa rangi ya kijani, kwa hiyo kazi hii inakujia ikiwa ya kijani na moyo wako unatulia. Lakini maneno 640 kati ya hayo 720 yamekaa kwenye aya nne zinazofuatana katika sura ya mjadala, yote kutoka makala moja, bila alama za nukuu na bila kutaja chanzo. Mwanafunzi ameandika mwenyewe aya 56. Zile nne, ambazo ndizo zilizotakiwa kuonyesha anavyoyafikiria matokeo yake, ni za mtu mwingine. Ukipanga kazi hizi kwa asilimia, mwaminifu ndiye atakayeitwa kujieleza.

Hapa ndipo aya inapokuwa kipimo kinachofaa. Aya kwa kawaida hubeba hoja moja, na mtu anayenakili huwa hachukui neno hapa na neno pale kutoka kazi nzima. Anachukua hoja, pamoja na sentensi zilizoibeba. Kwa hiyo kunakili hujikusanya mahali pamoja. Asilimia ya kazi nzima inagawa rundo hilo kwa maneno 9,000 na kulifanya lionekane dogo. Kadiri kazi inavyokuwa ndefu, ndivyo aya nne zinavyozidi kufifia.

Namna ninavyofanya ni hii. Kwanza ninaondoa orodha ya marejeo kwenye hesabu. Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua hilo. Nukuu siziondoi mwanzoni, kwa sababu sehemu ya kuziondoa huangalia alama za nukuu, haikagui kama chanzo kimetajwa. Kisha ninapitia aya moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila aya yenye rangi ninaandika mambo matatu: mfululizo mrefu kuliko yote wa maneno yaliyofanana bila kukatika, idadi ya vyanzo vilivyoonyeshwa ndani ya aya hiyo, na kama chanzo kimetajwa humohumo. Asilimia ya aya naiandika pia, ila si ya kwanza kuitazama.

Mfululizo unasema mengi kuliko asilimia. Aya yenye maneno 150 inaweza kuwa na ufanano wa 40% kwa sababu ina vipande kumi na viwili vya maneno matano kutoka vyanzo kumi na viwili tofauti, na hiyo ni lugha ya kawaida ya fani: kila anayeandika kuhusu jambo hilo anatumia vifungu hivyo. Aya nyingine yenye urefu uleule ina 40% ileile, lakini maneno yake 60 yako kwenye mfululizo mmoja. Hakuna watu wawili wanaoandika maneno 60 yaleyale kwa mpangilio uleule bila mmoja kumwangalia mwenzake.

Jambo la pili, idadi ya vyanzo, ndilo linalonisaidia na aya ngumu kuliko zote, zile zilizobadilishwa maneno ili programu isione. Tazama mfano huu kwa karibu. Tuseme chanzo kinasema:

"Udongo wa mfinyanzi huhifadhi maji kwa muda mrefu kwa sababu chembe zake ni ndogo sana na nafasi kati yake ni finyu, hivyo maji hupita polepole."

Na mwanafunzi ameandika:

"Udongo wa mfinyanzi hutunza maji kwa kipindi kirefu kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno na nafasi kati yake ni nyembamba, hivyo maji hupenya taratibu."

Sentensi zote mbili zina maneno 25. Amebadilisha manane, kumi na saba yamebaki palepale yalipokuwa. Lakini mfululizo mrefu kuliko yote usiokatika ni maneno matano tu: "na nafasi kati yake ni". Ikiwa programu imewekwa ipuuze vipande vilivyo chini ya maneno sita, sentensi hii itatoka safi kabisa, na asilimia ya kazi nzima haitasogea hata kidogo.

Kwa hiyo, aya inayonitia shaka ninaikagua upya baada ya kuondoa kikomo hicho cha chini. Vipande vidogo vinajitokeza kila mahali, na vingi havina maana. Ninachotafuta ni vipande vidogo vinavyotoka chanzo kimoja, kwa mpangilio uleule wa chanzo hicho, sentensi ya kwanza hadi ya mwisho. Hiyo ndiyo alama ya mtu aliyeweka makala pembeni na kubadilisha neno moja moja. Vipande vilivyotoka vyanzo mbalimbali bila mpangilio viachie. Kuona mpangilio huo kwenye kurasa 40 kwa mpigo haiwezekani. Ndani ya aya moja unauona kwa dakika chache.

Njia hii nayo ina mipaka, na ni vizuri uijue mapema. Aya fupi hudanganya. Aya ya maneno 25 yenye jina refu la sheria au la kifaa inaweza kupata 40% kwa jina hilo tu, kwa hiyo aya zilizo chini ya maneno 50 hivi ninaziunganisha na jirani yake kabla ya kuhesabu. Faili la PDF nalo hukata aya pale ukurasa unapoisha, na mara nyingine huingiza namba ya ukurasa katikati ya sentensi, hivyo mfululizo wa maneno 60 unaonekana kama miwili ya 30. Omba faili la awali la maandishi kama unaweza. Sehemu ya mbinu za utafiti ina hali yake pia: hatua za kupima kitu kilekile kwa kifaa kilekile zinaelezwa karibu kwa maneno yaleyale, na mfululizo wa maneno 20 pale haunishtui kama ungenishtua kwenye mjadala. Na chanzo kilichotajwa na programu si lazima kiwe ndicho alichotumia mwanafunzi. Huenda wote wawili wamechukua kwa mtu wa tatu, au chanzo hicho ni rasimu yake mwenyewe aliyoiwasilisha muhula uliopita. Soma jina la chanzo kabla hujaandika lolote. Maandishi yaliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine mara nyingi hayaonekani kabisa kwa njia hii. Hapo ni usomaji wako tu, na dalili yake huwa aya ambayo ghafla inatumia istilahi tofauti na zile za aya zilizoitangulia.

Sasa suala la maoni utakayomrudishia mwanafunzi, na hapa nina msimamo mkali. Usimwandikie "punguza ufanano ufike chini ya 10%". Ukimwambia hivyo, atafanya kile ulichomwomba: atafungua zile aya na kubadilisha "huhifadhi" kuwa "hutunza". Umemfundisha kuficha. Mwandikie mahali na tatizo: "Aya ya 31, sentensi ya 2 hadi ya 5: maneno na mpangilio ni vya makala uliyoitaja kwenye aya ya 28, lakini hapa hujaitaja. Ama nukuu sentensi unayoihitaji na utaje ukurasa, ama funga makala, eleza hoja kwa ufahamu wako, kisha utaje chanzo." Mwanafunzi anayepata maoni ya namna hii anajua pa kuanzia, na anayedhani ameonewa anaweza kukuonyesha ni wapi umekosea. Kwa 8% tupu hawezi kujitetea wala kujirekebisha.

Rasimu ya pili ikirudi, ilinganishe na ya kwanza aya kwa aya, zile ulizoziandikia, halafu na jirani zake, maana mara nyingine maandishi yaliyoondolewa aya ya 31 yanahamia ya 33. Na usishangae asilimia ya jumla ikipanda. Kazi iliyokuwa na aya nyingi za "hutunza" na "taratibu" inaweza kuwa ilipata 4% mara ya kwanza, kwa sababu programu haikuona kitu. Baada ya kusahihishwa, sentensi zilizohitajika zimenukuliwa neno kwa neno ndani ya alama, zimetajwa chanzo, na sasa programu inaziona zote: 6%. Hizo asilimia mbili zilizoongezeka ni nukuu, na ukifungua aya ya 31 utazikuta zimetajwa hadi ukurasa.